Krismasi ya Moshi: Mfuko Hujibu Juni, Mkopo Hujibu Februari

Kila mwaka, Desemba inapofika katikati, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hufurika watu wanaokwenda kaskazini: Same, Mwanga, Moshi, Rombo, Arusha. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya njia nyingine yaje kuokoa jahazi, na bado wapo wanaokosa nafasi. Safari hii ya Wachagga na Wapare kwenda kula sikukuu nyumbani haina siri. Tarehe yake inajulikana mwaka mzima kabla, tofauti na msiba au ugonjwa unaobisha hodi usiku. Hata hivyo familia nyingi za Dar es Salaam huilipia kwa fedha za kukopa, kana kwamba Desemba imewavizia.

Tunapojadili jambo hili huwa tunaishia kwenye riba: mkopo una riba, akiba haina, basi. Ni kweli, lakini riba ni nusu tu ya habari. Kinachotofautisha zaidi njia hizi mbili ni wakati ambao familia inapata jibu la swali la msingi, yaani kama safari hiyo inaiweza. Aliyefungua mfuko wa safari hupata jibu mwezi wa sita, angali na muda wa kupunguza mipango. Aliyekopa hulipata Februari, mbuzi ameshaliwa na ada ya shule inadaiwa.

Safari yenyewe ni shilingi ngapi

Tuchukue familia ya kukadiria: baba, mama na watoto watatu, mdogo akiwa bado wa kupakatwa. Wanakaa Kimara, nyumbani kwao ni Marangu. Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Kwa viwango vya juu vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, yaani shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, nauli ya mtu mmoja ni takribani 27,000 au 38,000. Tuweke 40,000 ili hesabu iwe nyepesi. Viti vinne, kwenda na kurudi, ni 320,000.

Nauli siyo safari. Kuna usafiri wa kutoka Kimara hadi kituoni, na Noah ya kutoka Moshi mjini hadi Marangu na mizigo yake, 60,000. Kuna chakula cha njiani, 40,000. Kuna mchele, sukari, mafuta na kitenge cha bibi, maana hakuna anayetoka Dar akafika kwa wazee mikono mitupu, 200,000. Ndugu wanachangia mnyama wa kuchinja, na fungu la baba huyu ni 150,000. Nguo za watoto ni 180,000. Sadaka, zawadi kwa watoto wa ndugu na soda za wageni ni 100,000. Jumla inakuwa 1,050,000. Ukiongeza 150,000 za dharura, unapata 1,200,000.

Tazama kwamba nauli haifiki hata theluthi ya fedha hiyo. Ndiyo maana anayepanga kwa kuangalia bei ya tiketi peke yake hujikuta anakopa akiwa tayari yuko Marangu, kwa simu, saa nne usiku.

Marejesho yanapoangukia

Sasa tuseme baba amekopa 1,200,000 Desemba 5 kwenye taasisi ndogo ya fedha yenye leseni. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za aina hiyo. Ikiwa riba inatozwa juu ya mkopo wote wa awali kwa miezi sita, kila mwezi atalipa 42,000 za riba pamoja na 200,000 za deni lenyewe. Marejesho ni 242,000 kwa mwezi na riba yote ni 252,000, kabla ya ada ya fomu na bima.

Hapa kuna jambo ambalo wakopaji wengi hawaulizi. Mwezi wa sita deni lililobaki ni 200,000 tu, lakini bado anatozwa riba ya 42,000, kana kwamba anadaiwa milioni na laki mbili zile zile. Kama riba ingekuwa inashuka kadri deni linavyoshuka, kwa asilimia ile ile 3.5, angelipa 147,000 tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza ofisa mikopo siyo "asilimia ngapi?" peke yake, bali pia "ya deni lipi, la mwanzo au lililobaki?" Njia rahisi ya kupima ni kuomba ratiba ya marejesho kabla ya kusaini. Kama safu ya riba ina namba ile ile tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, umeshajua.

Huo ni mkopo wa kistaarabu. Wapo wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu. Tukichukua mfano wa asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni 240,000, karibu sawa na rejesho zima la mkopo ule wa kwanza, na deni linabaki pale pale. Wengine huchukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara unapoingia, wao ndio wa kwanza kufika kwenye mashine. Ipo pia mikopo ya programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijiti bila leseni, baada ya malalamiko mengi, yakiwemo ya wadaiwa kudhalilishwa kwa ujumbe uliotumwa kwa ndugu na marafiki zao.

Lakini turudi kwa mkopo wenye leseni, maana kasoro kubwa zaidi imo hata humo. Rejesho la kwanza linaangukia Januari 5. Kwa mwajiriwa, mshahara wa Desemba mara nyingi umetoka kabla ya sikukuu na umeshakwenda na sikukuu. Shule zinafunguliwa, sare na madaftari yanatakiwa, na mwenye mtoto shule binafsi ana ada ya muhula. Rejesho la 242,000 linakuta foleni hiyo. Asipolipa kwa wakati, anakopa kwingine ili alipe, na hapo safari ya wiki mbili inakuwa madeni mawili.

Kisha angalia kalenda. Marejesho yanaisha Juni. Kati ya Julai na Novemba imebaki miezi mitano. Ili Desemba inayofuata asikope, atalazimika kuweka 240,000 kila mwezi, yaani kiasi kile kile alichokuwa analipa, bila kupumzika hata mwezi mmoja. Wachache huweza. Wengi husema acha tupumue kidogo, na Desemba inawakuta walipokuwa. Kwa maneno mengine, aliyezoea kukopa hawezi kutoka kwenye duara hilo mpaka mwaka mmoja alipie Desemba mbili, ile iliyopita na ile inayokuja, au mwaka mmoja akubali kupunguza safari au kuiacha.

Elfu nne kwa siku

Upande wa mfuko hesabu ni fupi. Januari iachwe ipite na mambo yake. Kuanzia Februari hadi Novemba ni miezi kumi, na 1,200,000 kwa miezi kumi ni 120,000 kwa mwezi. Kwa mama lishe, fundi au dereva wa bodaboda ambaye hana mwisho wa mwezi, tangu Februari 1 hadi mwishoni mwa Novemba ni siku 300. Ni 4,000 kwa siku.

Anayesema elfu nne kwa siku haiwezekani huenda anasema kweli kabisa. Lakini rejesho la 242,000 kwa mwezi ni kama elfu nane kwa siku. Ikiwa elfu nne haipatikani Machi, wakati hakuna anayedai, elfu nane ya Februari itatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye mlo, kwenye kodi ya nyumba, au kwenye mtaji wa biashara. Mama lishe anayekula mtaji ili alipe deni la sikukuu haumii mara moja tu, kwa sababu kuanzia hapo hata kipato chake cha kila siku kinapungua.

Fedha ikae wapi

Mfuko hushindwa mara nyingi kwa sababu ya mahali unapokaa, siyo kwa sababu ya kiasi. Fedha iliyo kwenye simu pamoja na fedha ya matumizi haitafika Aprili, kwa kuwa kila tatizo dogo la nyumbani litaikuta karibu. Kibubu cha mbao kinafaa kukusanyia noti za siku, lakini si mahali pa kulaza laki kadhaa. Wezi wanajua kilipo, na moto au mchwa hawabishi hodi. Mpangilio unaowafaa wengi wenye kipato cha siku ni kibubu kwa wiki, kisha Jumapili 28,000 zinahamishiwa mahali pa mbali kidogo.

Pa mbali kidogo ni kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Unaanza na 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, na ukitaka fedha yako unasubiri siku chache za kazi. Wengi huuangalia kwa ajili ya faida. Lakini hata tukichukua faida ya asilimia 10 kwa mwaka, mfuko unaokua taratibu kwa miezi kumi utazaa kama 50,000 tu, chini kidogo ya ile nauli ya Noah na bajaji. Chenye thamani zaidi hapo ni zile siku za kusubiri. Shemeji akipiga simu saa tatu usiku anataka laki moja ya haraka, jibu la kweli ni kwamba haipo karibu.

Mchezo, au upatu, nao unaweza kuwa mfuko, ila nafasi yako ndiyo inayoamua kama wewe ni mweka akiba au mkopaji. Chukua watu kumi wanaotoa 120,000 kila mwezi kuanzia Februari. Anayepokea Februari amekopeshwa 1,080,000 bila riba na wenzake tisa. Anayepokea Novemba ameweka akiba bila faida, na amebeba hatari yote ya wale waliokwisha kupokea kuanza kukwepa. Kwa safari ya Desemba omba zamu ya Oktoba: imekaribia vya kutosha ili fedha isiliwe, na inabaki na mwezi mmoja wa kufukuzana na wachelewaji. Dalili ya mchezo unaoyumba huonekana mapema. Kijumbe akianza kukuletea fedha pungufu na maelezo mwezi wa tatu au wa nne, usingoje zamu yako ukiwa na matumaini tu. Anza kuweka pembeni.

Vikoba navyo vina mtego wao. Wengi hupanga kwamba mgao wa Desemba ndio utakaopeleka watoto Moshi. Ni fedha halali na mara nyingi ni nzuri. Tatizo ni siku ya kuvunja kikoba. Wanachama wenye madeni wakichelewa, mgao unasogea kutoka tarehe 10 hadi 18, na tiketi hazisogei. Mgao uachiwe vitu vinavyoweza kungoja, kama zawadi na sare za Januari, na nauli itoke kwenye mfuko.

Wapo pia wanaojitetea kwamba kukopa kwenye kikoba chako si kukopa, kwa kuwa riba inakurudia. Tuipige hesabu. Umekopa 1,200,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu. Riba ni 180,000. Kikundi kina watu 20 wenye hisa sawa. Kinachokurudia ni 9,000, na 171,000 umewagawia wenzako. Ni afadhali riba ibaki kwa jirani kuliko kwa kausha damu, lakini ni riba.

Kipimo cha mwezi wa sita

Mwishoni mwa Juni mfuko una miezi mitano na unapaswa kuwa na 600,000. Tuseme familia ya Kimara inakuta 380,000. Kasi yao ni 76,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwisho wa Novemba watakuwa na 760,000. Hapo wanandoa wakae chini na karatasi wajiulize, 760,000 inanunua safari gani?

Nauli, Noah na chakula cha njiani ni 420,000, na hivyo havipungui. Fungu la mnyama ni 150,000. Kwa wazee wapeleke vitu vya 100,000 badala ya 200,000. Dharura ibaki 90,000. Jumla ni 760,000 kamili. Kilichokatwa kabisa ni nguo mpya, sadaka, zawadi za watoto wa ndugu na soda za wageni. Safari ipo, ila imevaa nguo za mwaka jana. Kama hata hiyo haiwezekani, bado kuna chaguo: aende baba na mtoto mmoja, au safari ihamie likizo ya Juni ambapo mabasi yana nafasi na mfuko una miezi mingine saba ya kujaa.

Kinacholeta ugumu hapo siyo hesabu, ni aibu. Anayetoka Dar anategemewa. Lakini neno linalosemwa Julai halisikiki sawa na linalosemwa Desemba 23. Mdogo mtu akipiga simu mapema, "Shikamoo kaka. Mwaka huu tunakuja wote, ila fungu langu la ng'ombe nitaliweza, la vinywaji msinihesabie," kaka atasema "Marahaba, nimekusikia," na ndugu watagawana upya wakiwa na miezi mitano mbele. Akilisema amesimama uani, mnyama ameshafungwa kamba na wageni wamefika, litaonekana ujanja.

Kuanzia Oktoba mfuko wenyewe uanze kugeuka vitu. Kampuni za mabasi zikifungua tiketi za Desemba kwa mtandao, nunua ya kwenda na ya kurudi siku hiyo hiyo. Tiketi ya kurudi ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayowaangusha watu, kwa kuwa baada ya Mwaka Mpya kila mtu anashuka Dar kwa wakati mmoja na walanguzi wanalijua hilo. Tiketi iliyokwisha kununuliwa ina faida nyingine: hakuna jirani anayekuja kuiazima. Nguo nazo zinunuliwe kabla bei ya Kariakoo haijaamka. Mchele ni wa kuangalia. Wakati wa mavuno, kati ya Mei na Julai, huwa rahisi, lakini gunia lililokaa miezi mitano chumbani Dar linaweza kukupa wadudu. Ukiununua mapema, uwe mkavu na ukae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Mahali mfuko unapozidiwa

Mfuko hauna kinga dhidi ya kupanda kwa bei. Viwango vile vya LATRA vya Desemba 2023 vilianza kutumika watu wakikaribia kabisa kusafiri, na daraja la kati lilipanda kutoka 56.88 hadi 67.84 kwa kilomita, karibu asilimia 19. Kwa familia yetu, ongezeko la aina hiyo kwenye 320,000 ni kama 61,000. Zile 150,000 za dharura zinalibeba, na ndiyo sababu hazipaswi kukatwa zote hata mfuko unapopungua. Jirani zetu wa Kenya waliona zaidi. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ya treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 za Kenya. Watu wazima wanne waliokuwa wameweka 8,000 za kwenda na kurudi walikuta zinatakiwa 12,000. Pengo kama hilo halizibwi na kipengele cha dharura. Linazibwa kwa kupunguza wasafiri au siku za kukaa.

Adui mwingine ni msiba. Mchango wa msiba haukataliwi, na mfuko wa safari ndio fedha pekee iliyokaa. Familia ikishauchota mara mbili, mfuko hubadilika kimyakimya kuwa mfuko wa dharura, na Desemba inarudi kwenye mkopo. Dawa yake ni kuwa na kibubu cha pili, hata cha elfu moja kwa siku, kinachojulikana kwamba ni cha misiba na magonjwa. Kwa siku 300 hicho kina laki tatu. Kikizidiwa na jambo kubwa, hapo ndipo kukopa kuna maana, kwa sababu msiba hauna tarehe. Mkopo wenye leseni, wenye ratiba ya marejesho iliyoandikwa, ulitengenezewa mambo ya namna hiyo.

Kwa hiyo aliyekwisha kukopa mwaka huu asijidanganye kwamba mwaka ujao atafanya vyote, marejesho hadi Juni na safari kamili Desemba. Amalize deni kwanza. Kisha Julai hadi Novemba aweke zile 120,000 kwa mwezi, zitampa 600,000. Hiyo inatosha nauli, Noah na chakula cha njiani vya familia nzima, ikibaki 180,000 ya kugawa kati ya wazee, fungu la mnyama na dharura. Ni Krismasi nyembamba, na ndugu watauliza. Lakini Januari inayofuata haitakuwa na rejesho, na mfuko wa Februari utaanza kwa wakati wake, miezi kumi mizima mbele.